Jumla Iliyotimia 100 Ndiyo Iliyotuponza

(Mhadhara kwa wahadhiri wasaidizi wapya, kabla ya kuwasilishwa kwa matokeo ya muhula)

Wenzangu, asanteni. Waliowahi kunisikia wanajua nitasema nini, na wameshaanza kucheka. Chekeni. Kila muhula karatasi za matokeo zinarudishwa kwa kosa lilelile, kwa hiyo nami nitalirudia.

Kwamba kosiweki ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60, hilo mnalijua. Twende kwenye hizo 40. Tuseme mwongozo wa kozi umeandika hivi: testi ya kwanza alama 15, testi ya pili 15, kazi binafsi 10. Lakini mwalimu alipotunga, testi ya kwanza aliisahihisha juu ya 30, ya pili juu ya 50, kazi binafsi juu ya 20. Hakuna ubaya. Ubaya unakuja anapoona 30 na 50 na 20 zinatimia 100. Moyo unamtulia! Anajumlisha alama za mwanafunzi, anazidisha kwa 0.4, anakwenda kunywa chai.

Tumchukue binti mmoja. Testi ya kwanza kapata 24, ya pili 20, kazi binafsi 18. Mwalimu wetu anapata 62, mara 0.4, kosiweki 24.8. Sasa tufanye inavyotakiwa. Ishirini na nne juu ya 30, mara 15, ni 12. Ishirini juu ya 50, mara 15, ni 6. Kumi na nane juu ya 20, mara 10, ni 9. Jumla 27. Mtihani wa mwisho kapata 55 juu ya 100, yaani 33 kati ya 60. Binti ana 60 kamili. Kwa mwalimu wetu ana 57.8. Pale ambapo B+ inaanzia 60, binti huyu kapewa B kwa sababu ya chai.

Hizo alama 2.2 zimekwenda wapi? Ukijumlisha alama ghafi, testi ya pili inabeba nusu ya kosiweki, yaani 20 badala ya 15. Ya kwanza inashuka hadi 12, kazi binafsi hadi 8. Mwongozo umeandika uzito mmoja, hesabu imetumia mwingine, na binti alianguka palepale palipoongezwa uzito. Aliyefaulu testi ya pili na kuharibu ya kwanza atapendelewa kwa kosa hilohilo, na huyo hatakuja ofisini kulalamika. Kujumlisha alama ghafi za mizani tofauti ni kujumlisha shilingi za Kenya na za Tanzania bila kubadilisha.

Naona mkono kule nyuma. Unataka kusema tuchukue asilimia zake, 80, 40 na 90, tugawe kwa tatu. Utapata 70, yaani 28 kati ya 40. Umempa moja ya bure, maana kazi binafsi ya alama 10 umeifanya sawa na testi ya 15. Mgawanyo sawa nao ni uzito, bwana, ila si ule tuliowaahidi wanafunzi.

"Lakini Eksel inafanya yenyewe." Eksel inafanya ulichoiambia! Iambie hivi:

```
=B2/30*15+C2/50*15+D2/20*10+E2/100*60
```

Kisha ijaribu. Wengi huweka mwanafunzi wa bandia mwenye alama zote, wakiona 100 wanaridhika. Jaribio hilo halishiki kosa letu, kwa sababu njia mbovu nayo inatoa 100. Weka mwanafunzi mwenye 50 kwenye testi ya pili na sifuri kwingine kote. Ikitoka 15, sawa. Ikitoka 20, umemkamata mwizi. Fanya hivyo kwa kila safu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo haraka haraka. Usikadirie desimali katikati. Kadiria mwisho, mara moja. Mwanafunzi akiuliza anahitaji ngapi ili afike 70, toa kosiweki yake, gawa kwa 60, zidisha kwa 100: kwa binti wetu ni 43 juu ya 60, mara 100, kwa hiyo 72 kwenye mtihani wa mwisho.

Na aliyekosa testi ya pili kwa ruhusa ya daktari, msimwachie sifuri kimyakimya. Tuseme ndiye binti yuleyule: ana 21 kati ya 25 zilizobaki. Ukizinyoosha hadi 40 anapata 33.6, zaidi ya alizopata alipoifanya testi. Ndiyo maana mimi napendelea apewe testi nyingine. Lakini hilo liamuliwe na idara kabla ya mtu kufungua Eksel.