Barua ya Kukataliwa Fidia: Namna ya Kumfupishia Mwenye Bima

Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya mawakala wa bima na wasaidizi wa kisheria

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuitikia mwito. Nyote mmewahi kuletewa bahasha ya kampuni ya bima na mtu anayeuliza jambo moja tu: "Wamesema nini?" Nitalijibu swali hilo kwa barua moja ya mfano, ambayo nimeitunga kwa kufuata sura ya zile tunazozipokea, kwa kuwa naona ni heri kuichambua moja hadi mwisho kuliko kuzigusagusa kumi.

Mwenye bima ni mwalimu anayeishi Luanda na kufundisha karibu na Maseno. Gari lake dogo lina bima kamili ya matumizi ya kibinafsi. Jioni moja, akirudi nyumbani pamoja na walimu wenzake watatu, aligongana na bodaboda katika barabara ya Kisumu kwenda Busia. Gari likabondeka mbele na mwendeshaji wa pikipiki akaumia mguu. Mwalimu aliwasilisha madai, mpelelezi wa kampuni akaja kuwahoji yeye na wenzake, kisha barua ikaandikwa. Inasema kwamba uchunguzi umebaini gari lilikuwa katika matumizi ya kibiashara kinyume cha Kifungu cha 4 cha mkataba, kwamba kampuni haitawajibika kwa hasara hiyo, kwamba asiyeridhika akate rufaa kwa maandishi katika siku 30 tangu tarehe ya barua, na kwamba kampuni imehifadhi haki zake zote.

Tuanze na sababu. Msaidizi mwenye haraka ataandika: "Umekataliwa kwa sababu ulikuwa unafanya biashara na gari." Sentensi hiyo inageuza tuhuma kuwa ukweli, na mwalimu akiisoma kutoka kwa mtu anayemwamini anaweza kukata tamaa, au mbaya zaidi, akairudia katika rufaa yake kana kwamba amekiri. Andika badala yake kwamba kampuni inadai gari lilitumika kibiashara, na kwamba dai hilo limetokana na ripoti ya mpelelezi ambayo haikuambatishwa. Kisha muulize mwalimu nini kilitokea, na jibu lake uliweke katika sentensi yake lenyewe, lisichanganywe na maneno ya barua. Katika mfano wetu anasema kwamba wenzake humchangia shilingi 200 kila mmoja za mafuta mwishoni mwa juma, na kwamba hajawahi kusimama stejini kuita abiria.

Hapo ndipo kifungu kinapokuwa na uzito. Usikinukuu kutoka kwenye barua. Fungua kitabu cha mkataba, maana anayeandika barua hukifupisha kifungu kwa namna inayomfaa. Ukifungua mkataba wa mwalimu huyu utakuta kwamba Kifungu cha 4 hakitaji "matumizi ya kibiashara" kwa ujumla, bali kinaondoa kinga pale gari linapobeba abiria kwa nauli au ujira. Kuchangiana mafuta kazini na kubeba abiria kwa nauli ni mambo yanayoweza kubishaniwa, na sisi wa muhtasari hatuna mamlaka ya kuamua upande upi uko sahihi. Kazi yetu ni kumwonyesha mwalimu kwamba maneno ya barua na maneno ya mkataba hayalingani, na kwamba kwa kanuni ya jumla kampuni inayojikinga kwa kifungu cha kuondoa kinga ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba kifungu hicho kinahusika. Wakati huohuo tusimfiche kwamba michango ya kila juma inampa mpelelezi hoja yenye nguvu, hasa ikiwa ilitumwa kwa simu na rekodi zake zipo.

Sasa muda, ambao kwa maoni yangu ndio unaoharibiwa zaidi katika mihtasari. Barua yetu ina tarehe ya Machi 4, 2026, lakini mwalimu aliichukua kwenye sanduku la posta la shule Machi 13. Akihesabu siku 30 tangu alipoipokea, atafika Aprili 12. Ila barua inasema tangu tarehe yake, kwa hiyo mwisho ni Aprili 3. Na mwaka huo Aprili 3 ni Ijumaa Kuu, ofisi zimefungwa, hivyo siku anayopaswa kuandikiwa kwa herufi nzito ni Alhamisi, Aprili 2. Usimwandikie "siku 30" ukamwachia hesabu. Hifadhi pia bahasha yenye muhuri wa posta, kwani ndiyo itakayoonyesha lini barua ilitumwa iwapo rufaa itachelewa.

Kuna muda wa pili ambao barua haiutaji kabisa. Mikataba mingi ya bima ya magari ina kifungu cha usuluhishi kinachosema kwamba kampuni ikikana wajibu, na suala lisipelekwe kwa msuluhishi katika miezi 12, madai yatahesabiwa kuwa yameachwa. Rufaa ya ndani haisimamishi saa hiyo yenyewe, isipokuwa kampuni ikubali hivyo kwa maandishi. Nimeona watu wakiandikiana barua za upole na kampuni, "suala lako linashughulikiwa", mpaka mwaka ukapita. Katika mfano wetu muhtasari lazima utaje kwamba kabla ya Machi 4, 2027 awe amemwona wakili kuhusu usuluhishi, hata kama rufaa bado haijajibiwa.

Hatua zinazofuata zinatokana na hayo. Mwalimu aandike wiki hii kuomba nakala ya ripoti ya mpelelezi na ya fomu ya maombi aliyoijaza alipokata bima, na rufaa yenyewe asiicheleweshe kwa kuzisubiri. Aseme ndani yake kwamba ataongeza hoja akizipata. Wenzake watatu waandike maelezo yao, kila mmoja kwa maneno yake. Rufaa ipelekwe kwa mkono katika tawi na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Asitie sahihi hati yoyote ya kumaliza madai, na aulize gereji inatoza kiasi gani kwa siku kuhifadhi gari, kwa sababu gharama hiyo inaongezeka huku barua zikisafiri. Kampuni ikikataa tena au ikinyamaza, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ambayo husimamia mwenendo wa kampuni; lakini mzozo wa nani anasema kweli kuhusu zile shilingi 200 huamuliwa na msuluhishi au mahakama.

Muhtasari wenyewe, basi, ungeanza hivi: "Mwalimu, kampuni imekataa kulipia gari lako. Inadai gari lilitumika kibiashara, na inategemea Kifungu cha 4, ukurasa wa 7 wa mkataba wako, ambacho maneno yake kamili ni haya." Nukuu ifuate, kisha tarehe mbili, kisha hatua kwa mpangilio wa siku. Ukurasa mmoja unatosha, na maneno ya "haki zote zimehifadhiwa" yapewe mstari wake: maana yake ni kwamba kampuni inaweza kuja na sababu nyingine baadaye.

Jambo la mwisho ni yule mwendeshaji wa bodaboda. Barua imezungumzia gari la mwalimu tu, lakini majeruhi anaweza kumshtaki, na mwalimu aliyeambiwa "bima imekataa" hudhani hati ya mahakama haina haja ya kupelekwa kampuni. Sheria ya bima ya magari kwa watu wengine, Sura ya 405, inaiwekea kampuni wajibu wake kwa majeruhi, na kukataa kulipia gari hakuufuti wajibu huo papo hapo. Kwa hiyo muhtasari umwambie wazi: hati yoyote ya madai au ya korti ikimfikia, aipeleke kampuni siku hiyohiyo, na nakala iliyogongwa muhuri abaki nayo.