Kisigino cha Mtoto, Siku ya Tatu

Habari za mchana, wenzangu. Naona wakunga na wauguzi wengi humu ukumbini, na wazazi kadhaa waliokuja na watoto wao, karibuni sana. Nimeombwa nizungumzie upungufu wa homoni ya thairoidi ambao mtoto huzaliwa nao. Mada hii ni pana, kwa hiyo nitakaa na mtoto mmoja tu na wiki zake za mwanzo. Si mtoto wa mtu. Ni wa mfano, ila yanayomkuta ndiyo yanayowakuta wenzake.

Ni binti. Mimba ilitimiza miezi yake, kazaliwa na kilo 3.5, akalia vizuri, akashika ziwa. Mkunga kamkagua kichwa hadi vidole, hakuona kasoro. Lakini shingoni mwake, mahali ambapo tezi ya thairoidi ingekuwapo, hakuna kitu. Haikuumbika. Katika watoto wenye tatizo hili, wanane hivi kati ya kumi wana kasoro ya namna hiyo: tezi haipo, au ni ndogo mno, au imekwama chini ya ulimi badala ya kushuka hadi shingoni. Waliobaki, wengi wao wana tezi iliyo mahali pake isiyoweza kutengeneza homoni ipasavyo. Kwa jumla tatizo humpata mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000, wasichana zaidi ya wavulana.

Sasa, mtoto asiye na tezi kabisa anawezaje kuonekana mzima namna hii? Jibu ni mama yake. Homoni ya mama, ile iitwayo T4, huvuka kondo la nyuma kwa kiasi fulani. Haimtoshi mtoto, lakini humsitiri. Ubongo wake nao hujipanga: unaongeza kimeng'enya kinachoigeuza T4 kidogo iliyopo kuwa T3, ambayo ndiyo hasa inayofanya kazi ndani ya seli. Kitovu kikishakatwa, hakuna T4 nyingine inayoingia. Ile aliyotoka nayo tumboni inapungua kwa nusu kila baada ya siku chache, na wiki ya pili au ya tatu inakuwa imekwisha.

Ndiyo maana nawaomba msingoje dalili. Dalili zipo na mnazijua: manjano isiyoisha baada ya wiki mbili, usingizi mwingi, kunyonya kwa kulegea, kufunga choo, sauti ya kukwaruza, ngozi ya baridi, ulimi mkubwa, kitovu kutokeza, utosi wa nyuma ulio wazi kupita kawaida. Lakini kwenye siku za mwanzo watoto wengi sana wenye ugonjwa huu hawana hata moja ya kumshtua mtu. Mama huwa anasifiwa kwa kupata mtoto mtulivu. Sura ile ya vitabuni, ya uso uliovimba na ulimi nje, ni ya mtoto ambaye tayari amechelewa.

Amechelewa kwa kitu gani? Homoni hii huelekeza ujenzi wa ubongo. Seli za neva zinapaswa kuhama hadi mahali pake, kuchipua matawi, kuungana na wenzake, na nyuzi zake kuvikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini ili ujumbe upite haraka. Kazi hii huanza tumboni na huendelea kwa kasi hadi kama miaka mitatu. Kila hatua ina majira yake. Ukimpa homoni mtoto wa miezi minane atachangamka, choo kitalainika, atarefuka, moyo wake utapiga vizuri. Mwili unasamehe. Ubongo hausamehi, maana hatua zilizopita bila homoni hazirudiwi.

Takwimu za kabla ya upimaji wa watoto wachanga kuanza zinaonyesha hivyo waziwazi. Mwaka 1972 madaktari wa Pittsburgh, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto waliogunduliwa kwa dalili tu. Walioanza dawa kabla ya miezi mitatu walikuwa na wastani wa kipimo cha akili wa 89. Walioanza kati ya miezi mitatu na sita, karibu 70. Walioanza baada ya hapo, 54. Dawa ilikuwa ya namna moja; tofauti ilikuwa kalenda. Haikuchukua muda, katikati ya miaka hiyo ya 1970, Jean Dussault wa Quebec akaonyesha kwamba homoni hii inaweza kupimwa kwenye tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi, ileile aliyoianzisha Robert Guthrie kwa ugonjwa mwingine wa watoto wachanga. Upimaji ukaenea kutoka hapo.

Turudi kwa binti yetu. Maabara nyingi hazianzi na T4, huanza na TSH, homoni ambayo tezi ya pituitari huitoa kuiamuru thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikikaa kimya, pituitari huongeza amri, na TSH hupanda sana. Hapa kuna mtego ambao ningependa kila mkunga aujue. Mtoto yeyote akizaliwa, kwa baridi ya kutoka tumboni, TSH yake hupaa ndani ya nusu saa hivi, kisha hushuka taratibu. Ukimchoma kisigino kutoa damu ya kipimo ndani ya saa 24 za kwanza, mzima ataonekana mgonjwa, na utawatia hofu wazazi bure. Muda mzuri ni kati ya saa 48 na 72. Kama mama anaruhusiwa mapema na hakuna uhakika wa kurudi, mchome kabla hajaondoka, uandike saa kamili kwenye kadi ya karatasi hiyo ya damu, na maabara itajua jinsi ya kuyasoma majibu. Damu ya mapema ni afadhali kuliko kukosa kabisa.

Namna ya kuchoma: pasha kisigino joto kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Kisafishe kwa spiriti, kisha acha kikauke. Dawa yenye iodini usiiguse. Ikipakwa sana hupenya ngozi na huweza kuivuruga tezi ya mtoto. Choma pembeni mwa kisigino, si katikati wala nyuma, mfupa uko karibu. Tone la kwanza lifute. La pili liache likue lenyewe, kisha gusisha karatasi upande mmoja tu, mpaka duara lijae na damu ionekane upande wa pili. Ukikamua kisigino, maji ya mwilini yanachanganyika na damu. Ukiongeza tone juu ya tone lililoanza kukauka, kipimo kinapanda kwa uongo. Kadi ilazwe wazi, mbali na jua, saa tatu hadi nne, ndipo iingie kwenye bahasha. Na isikae kwenye droo ikisubiri zifike kadi nyingi zisafirishwe pamoja! Nasema hili kwa mkazo kwa sababu siku nyingi zaidi hupotelea hapo kuliko ndani ya mashine.

Kadi ya binti yetu ilichukuliwa saa ya 60, na siku ya saba maabara inapiga simu: TSH 142 mU/L. Kila maabara ina mpaka wake wa kumwita mtoto arudiwe, lakini ikifika 40 hatujadiliani tena. Siku ya nane anatolewa damu ya mshipa kuthibitisha, na dawa inaanza siku hiyohiyo, hatungoji jibu. Jibu likija linasema TSH iko juu ya 100 na T4 huru ni 3 pmol/L. Chini ya 5 ni upungufu mkali. Picha ya goti inaonyesha kituo cha mfupa, ambacho kwa kawaida hutokea kabla ya mtoto kuzaliwa, bado hakijatokea. Maana yake upungufu ulianza tumboni. Picha hizi zinasaidia, ila haziruhusiwi kuichelewesha dawa hata siku moja.

Dawa ni levothairoksini, maikrogramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 3.5 hiyo ni 35 hadi 52. Kwa kuwa upungufu wake ni mkali tunakwenda juu: kidonge kimoja cha maikrogramu 50, mara moja kwa siku. Mama anakisaga kati ya vijiko viwili, anakichanganya na maziwa yake kidogo au maji, anamnywesha kwa kijiko saa ileile kila siku. Kisiingie kwenye chupa nzima ya maziwa, kwani mtoto akibakiza, hujui kabakiza kiasi gani. Dawa ya madini ya chuma, ya kalsiamu, na maziwa ya soya hukizuia kisifyonzwe, kwa hiyo viachane kwa saa kadhaa.

Baada ya wiki moja hadi mbili tunampima tena. Tunataka T4 iwe imefika sehemu ya juu ya kiwango cha kawaida ndani ya wiki mbili, na TSH iwe imeshuka hadi kawaida ndani ya mwezi. Isiposhuka, kabla ya kupandisha dozi uliza kwanza: kinatolewa vipi, nani anakitoa, kimetapikwa? Na dozi ikizidi nayo ina madhara: mtoto hatulii, hapati usingizi, moyo unakwenda mbio. Ndiyo maana vipimo vya mwaka wa kwanza ni kila mwezi mmoja au miwili, kisha miwili au mitatu. Anakua upesi, na dozi ya mwezi uliopita haimtoshi.

Dada pale mbele ameuliza kama binti huyu atakuwa sawa na wenzake. Watoto wengi walioanza ndani ya wiki mbili kwa dozi ya kutosha husoma na kuishi kama wenzao. Kwa aliyepungukiwa sana tangu tumboni, kama huyu, huenda zikabaki tofauti ndogo za kumbukumbu au umakini. Siwezi kumwahidi mama zaidi ya hapo, ila naweza kumwambia kwamba ziko mbali kabisa na zile 54.

Kuna wanaoponyoka kwenye wavu, na hawa nataka muwakumbuke. Mtoto njiti, pituitari yake haijakomaa, na TSH inaweza kupanda baada ya wiki kadhaa. Arudiwe akiwa na wiki mbili hivi hata kama kadi ya kwanza ilikuwa safi. Mapacha wa kufanana, damu ya mzima huweza kumfunika mgonjwa wakiwa tumboni, warudiwe pia. Aliyeongezewa damu kabla ya kuchomwa, kadi yake inasoma damu ya mchangiaji. Na yule ambaye kasoro yake iko kwenye pituitari yenyewe, TSH haitapanda kamwe, kwa hiyo upimaji wa TSH peke yake haumwoni. Kwa hiyo mtoto mwenye manjano ya wiki tatu na usingizi usioisha akiletwa kwako, na mama akakuonyesha jibu la kadi lililo sawa, toa damu ya mshipa, omba TSH na T4 huru kwa pamoja.

Nachukua maswali.