Kabla Hujabofya: Bata wa Magurudumu na Wimbo wa 1987

Mmecheka. Kila nikimwonyesha mwimbaji Rick Astley na koti lake refu, ukumbi unacheka, kisha mnaniambia utani wa rickroll mnaujua: unabofya kiungo ulichoahidiwa kitu kingine, unaishia kwenye wimbo wake. Haya, mwanzo wake je?

Ulianza na bata. Mwaka 2006, mwenye jukwaa la 4chan aliweka kichujio kilichobadilisha kila neno egg, yaani yai, liwe duck, yaani bata. Basi anayeandika eggroll, kile chakula cha kukunja, akajikuta ameandika duckroll. Mmoja akatengeneza picha ya bata mwenye magurudumu. Watu wakawa wanakuahidi habari moto, ukibofya unakutana na bata anabingirika! Mwaka uliofuata, trela ya mchezo wa Grand Theft Auto IV ilitafutwa na watu wengi kiasi kwamba tovuti yake ikaelemewa. Hapo akatokea mtu na kiungo: trela hii hapa. Kumbe ni wimbo wa Astley wa 1987. Bata akasahaulika.

Angalieni palipotegwa: kwenye uchu. Watu walikuwa na kiu ya kitu kimoja, na mlango wa halali ulikuwa umefungwa. Mwenye kiu haulizi kisima ni cha nani.

Sasa tazameni mtego wenyewe:

```html
<a href="https://youtu.be/dQw4w9WgXcQ">Matokeo ya mtihani</a>
```

Maneno unayoyasoma yako kulia. Unakopelekwa kumeandikwa ndani ya alama za kunukuu. Hakuna kinacholazimisha viwili hivyo vifanane. Kwenye kompyuta, weka kishale juu ya kiungo bila kubofya, anwani itajitokeza chini ya dirisha. Kwenye simu, shikilia kidole hapo mpaka ioneshwe.

Najua kuna mtu anasema moyoni, “Mwalimu, huu ni utani tu, nani ameumia?” Hakuna. Ndiyo maana naupenda! Umelipa kwa sekunde chache za aibu. Mwizi wa nywila anatumia mstari uleule, anabadilisha anwani tu, na ukurasa wake hauimbi. Unafanana na wa benki yako.

Wajanja sasa wameikariri hiyo dQw4 iliyo kwenye anwani ya wimbo, wakiiona hawabofyi. Basi mtegaji anapitia huduma ya kufupisha viungo. Hapo kushikilia kidole hakutoshi, kwa sababu utaona anwani fupi, usione inakoishia. Ikiwa ujumbe umedai kutoka benki, usihangaike kuichunguza. Achana na kiungo, fungua programu ya benki mwenyewe.

Misimbo ya QR nilitaka kuigusa, lakini naoneshwa saa. Kwa kifupi, ni kiungo ambacho jicho haliwezi kukisoma kabisa. Subiri kamera ioneshe anwani kabla hujagusa. Na nani amebandika ule ulioandikwa “Vitafunio bure” pale mlangoni? Nimeuchanganua nikiingia. Nimeimbiwa.