Ulichoona, Ulichobaini na Unachopendekeza: Mhadhara kuhusu Ripoti ya Ziara ya Mradi

Ndugu maafisa miradi, nimeombwa nizungumzie uandishi wa ripoti ya ziara, nami nitajifunga kwenye jambo moja: namna ya kutenganisha yaliyoonekana, yaliyobainika na mapendekezo. Mfano wangu ni kituo cha kuchotea maji katika kijiji kimoja cha Tanzania, ambacho nimekitunga kwa ajili ya somo hili, ingawa sidhani kama kitakuwa kigeni kwenu.

Tuseme afisa amerudi na sentensi hii: "Kituo kina maji haba na jamii haina mwamko wa kuchangia, inapendekezwa kichimbwe kisima kingine na jamii ielimishwe." Inasomeka vizuri, lakini mkurugenzi akimuuliza amejuaje, hana pa kushika. "Haba" ni hukumu ambayo kipimo chake hakikutajwa, na "haina mwamko" ni tafsiri ya jambo ambalo lenyewe halikuandikwa popote.

Sehemu ya yaliyoonekana ingepaswa kusema hivi: ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 100 kwenye kituo hicho, na kwa sekunde 40 kwenye kituo kilicho karibu na tangi, vyote viwili vikiwa vimefunguliwa kwa wakati mmoja. Daftari la muuzaji lilionyesha kati ya ndoo 130 na 145 kwa siku katika mwezi uliopita. Kina mama waliokuwa kwenye foleni walisema kituo hufunguliwa saa 12 hadi saa 2 asubuhi, kisha saa 10 hadi saa 12 jioni. Angalieni kwamba maneno yao yameandikwa kuwa ni maneno yao. Siku ya ziara bomba lilikuwa wazi mchana kutwa, na hilo pia liandikwe, kwa sababu ziara iliyotangazwa hufungua hata bomba ambalo halifunguliwi.

Kubaini ni hatua nyingine: hapo unaoanisha ulivyovikusanya, kisha unavipima kwa kiwango kinachojulikana. Ndoo moja kwa sekunde 100 ni lita 12 kwa dakika, yaani ndoo 144 kwa saa nne. Daftari linakaribiana na hesabu hiyo, kwa hiyo maelezo ya kina mama yana nguvu kuliko bomba ulilolikuta wazi. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha vijijini kuwa lita 25 kwa mtu kwa siku, katika umbali usiozidi mita 400, kituo kimoja kikihudumia watu 250. Watu hao wanahitaji lita 6,250 kwa siku, na kwa kasi ile zingechukua takribani saa 8 na dakika 40 kuchoteka. Kwa saa nne zinapatikana lita 2,880, ambazo kwa kiwango hicho zinawatosha watu 115 tu. Hapo "haba" imepata maana.

Lakini uhaba huo unatoka wapi? Kituo cha karibu na tangi kinajaza ndoo kwa sekunde 40, kwa hiyo siku ile maji yalikuwapo tangini, na msukumo unapotea njiani. Huenda bomba linavuja, huenda koki imeziba, huenda bomba ni jembamba mno au kituo kiko juu mno. Ndoo na saa ya mkononi haziwezi kuamua kati ya hayo, na afisa mwaminifu anaishia hapo. Aeleze pia kwamba alipima siku moja ya kiangazi, na kwamba masika huenda hali ikawa nyingine.

Sasa pendekezo la kuchimba kisima limebaki bila mguu wa kusimamia, na ndilo lililokuwa ghali kuliko yote. Mahali pake panaandikwa kwamba fundi wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, akague bomba kati ya vituo hivyo viwili kabla ya fedha yoyote kutengwa. La pili linakihusu chombo cha watumia maji: kijadiliane na muuzaji kuhusu kuongeza saa za kufungua, pamoja na malipo yake, kwani ikiwa analipwa kwa ndoo naye ana shamba la kulima mchana, agizo tupu halitamweka bombani. Kila pendekezo litaje mtekelezaji, tarehe ya mwisho na namba ya jambo lililobainika ambalo limelizaa.

Na lile la jamii kuelimishwa? Binafsi nimelichoka, maana hubandikwa kwenye kila ripoti kama muhuri. Katika mfano wetu daftari linaonyesha kwamba karibu kila ndoo inayoweza kujaa katika saa zile nne inanunuliwa. Hakuna lililobainika linalolibeba pendekezo hilo, kwa hiyo lifutwe.