Moja-Mbili-Nne: Slabu Twende, Nguzo Ngoja Kwanza

Habari zenu mafundi, na wewe mwenye nyumba unayechungulia pembeni. Leo tunapima zege kwa boksi. Ni hili hapa: ndani sentimita 30 kwa 30, kimo 39. Linaingia lita 35, ambazo ndizo ujazo wa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Maboksi haya nayauza, sifichi, ila ukiwa na mbao na misumari gonga lako. Toroli sitaki kuliona. Mmoja analijaza kichuguu, mwingine nusu, na wote wanasema "toroli moja".

Mfuko mzima wa saruji, mchanga boksi mbili, kokoto boksi nne. Geuza vikavu mpaka rangi iwe moja. Hapo mnajua, twende.

Ee, simama! Rudisha kamera hapo. Mnaona huo mchanga? Umesimama juu ya boksi kama mlima. Chukua mbao, kwangua usawa wa mdomo. Haya.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo nilipoumbuka. Mchanga ukiwa na unyevu kidogo huvimba, kwa sababu maji yanaitenga chembe moja na nyingine. Boksi limejaa, lakini mchanga wenyewe ni pungufu. Niliwahi kupima hivyo kwa nguzo, zege likawa kokoto tupu, likakataa kushuka. Nikaongeza maji. Kufungua mbao, mguu wa nguzo una matundu, ringi zinanitazama. Tukaivunja, kwa gharama yangu.

Kwa hiyo kabla ya kupima, chukua kopo lenye kuta zilizonyooka. Mwaga mchanga mbichi bila kushindilia, pima kimo. Huu wangu ni sentimita 20. Mimina mchanga pembeni, tia maji nusu kopo, rudisha mchanga huku unakoroga, uache utulie. Umeshuka mpaka 16. Zimepotea 4, yaani robo ya 16, basi naongeza robo: boksi mbili zinakuwa mbili na nusu. Mvua ikinyesha, rudia. Mchanga mpya ukija, rudia. Usiniambie "jana tulipima"!

Na mchanga huo umeshabeba maji. Mfuko mmoja nauwekea lita 25 kwa jumla. Unyevu ukiwa kama asilimia 5, mchanga wa mfuko mmoja una takribani lita 5 tayari, kwa hiyo natia 20 na kusimama. Kijana wa ndoo, simama!

Sasa swali mnaloniuliza kila siku: je, resho hii hii inatosha kila mahali? Slabu ya chini iliyolala juu ya mawe yaliyoshindiliwa, kwa nyumba ya kawaida, moja-mbili-nne inatosha, sina ugomvi. Kwenye slabu ya juu inayobebwa na boriti, zege likitoka dhaifu kuna msamaha kiasi, maana anayevutwa ni nondo. Nimepiga hesabu: unene milimita 150, nondo za 12 kila milimita 200. Zege la daraja 25, yaani la nguvu ya niutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, likitoka 15, uwezo wa slabu kupinda unapungua kama asilimia 6 tu. Nyufa na kunepa ni kesi nyingine, kwa hiyo nisisikie mtu akisema nimemruhusu.

Njoo kwenye nguzo. Ya milimita 230 kwa 230, nondo nne za 12. Kwa hesabu hizo hizo za usanifu inabeba kama tani 69, na zaidi ya tani 50 kati ya hizo ziko mgongoni mwa zege lenyewe. Likishuka kutoka 25 hadi 15, unabaki na tani 48. Karibu theluthi imekwenda, na kwa macho nguzo ni ile ile.

Ndiyo maana nguzo za nyumba ya chini tu nazipa moja, moja na nusu, tatu. Nusu boksi nimeichorea mstari ndani, sentimita 19 na nusu. Kwa mchanga huu wa leo, boksi moja na nusu ukiongeza robo inakaribia mbili kasoro kidogo. Ghorofa zikipanda, au mchoro ukitaka daraja 25 kwenda juu, weka boksi langu chini. Hapo mhandisi asanifu mchanganyiko kwa kokoto na mchanga wenu wenyewe, na mchemraba wa milimita 150 ukavunjwe maabara siku ya 28. Resho ya kukariri haijui kokoto yako ikoje.

Slabu inayokaa juu ya nguzo bila boriti, hiyo pia mpelekee mhandisi.

Haya, tunamwaga nguzo. Kidogo kidogo, kila sentimita 30 shindilia, na pale chini gonga mbao mpaka usikie mlio umebadilika kuwa mzito. Gonga tena. Bado, upande ule wa kushoto unalia mtupu.