Kujua watu wanatafuta nini na hawakipati: mfano wa wafugaji kuku

Ndugu zangu asanteni kwa kuja. Leo naongelea kitu kimoja tu, namna ya kujua watu wanahitaji nini na hawakipati, na mfano wangu ni wafugaji wa kuku maana huko ndo nashinda sana.

Fungua Google, ila fungua ule ukurasa wa siri usiotunza historia, la sivyo itakuletea mambo yako ya kila siku. Andika "mashine ya kutotolesha" halafu usibonyeze kitu, soma tu yale maneno yanayojileta yenyewe chini, hayo mengi yanatokana na vitu watu wanavyotafuta kweli. Google Trends pia ipo, ile inayoonyesha neno linatafutwa kiasi gani, lakini msome vizuri, ile 100 sio idadi ya watu, ni kilele cha hilo neno kwa kipindi ulichochagua, na maneno mengi ya Kiswahili itakwambia data haitoshi. Usikimbie hapo ukasema hakuna wateja.

Mimi naamini zaidi magrupu. Ingia grupu la wafugaji, sehemu ya kutafuta andika "wapi napata" au "naomba msaada". Wauzaji wa mashine mpya utawakuta kibao, ila soma maswali sasa: joto halipandi, kontrola, kile kifaa kinachoongoza joto, imekufa, mwingine kapiga picha ya kontrola ya XM-18 kioo kimezima anauliza spea. Yai la kuku linakaa siku 21 kwenye joto la kama 37.5, sasa kontrola ikifa siku ya 12 huyu mtu ataagiza China saa ngapi? Halafu angalia majibu, "njoo inbox nina mashine mpya", "nafuatilia", "hata mimi". Hajajibiwa! Anachotaka ni spea na fundi leo hii hii, mashine anayo.

Angalieni na tarehe, na majina, maana mtu mmoja anaweza kubandika swali lilelile kwenye magrupu matano ukadhani ni kilio cha nchi nzima. Mimi nataka watu tofauti, miezi tofauti. Na anayenishtua zaidi ni yule anayesema ameweka balbu, anakesha anawasha na kuzima kwa mkono, huyo tayari analipa kwa usingizi wake, sio sawa na anayeandika tu "ingekuwepo ingekuwa poa".

Tatizo ni kwamba majibu mengine yanaishia inbox hatuyaoni. Kwa hiyo mwandikie muulizaji kwa heshima, ulipata? wapi? ulilipa shingapi? Akisema kumbe iko duka la mtaa wa pili, basi kilichokosekana ni tangazo, usiagize mzigo. Akisema ilibidi anunue mashine nyingine nzima, na wenzake wawili watatu wakakwambia hivyohivyo, agiza kontrola chache, zibandike bei kwenye grupu hilohilo, uone nani anatuma hela.