Tarakimu ya Mwisho ya Kontena

SALMA: Karibuni tena. Tulipanga kuzungumzia njia tatu za kujua ni jibu lipi la roboti linalohitaji kukaguliwa, lakini Badi ameingia na karatasi mkononi, nanyi mnamjua, hatatulia mpaka aisome.

BADI: Wiki hii nilikuwa Shimanzi, Mombasa, katika ofisi ya wakala mmoja wa forodha, ambako roboti, yaani programu ya akili bandia, husoma picha za hati za shehena na kumwandikia karani nambari ya kontena. Agizo la karani ni moja tu: uhakika ukifika asilimia 90, pitisha. Hati moja ilikuja na asilimia 96, ikapita, kisha kontena ikatafutwa bandarini isionekane. Nambari ya mteja sitaitaja, kwa hiyo natumia ile ya kufundishia: badala ya CSQU3054383, roboti iliandika CSQU3054333.

SALMA: Na hiyo 96 ilitoka wapi?

BADI: Roboti huandika jibu kipande kwa kipande, na kila kipande kina uwezekano wake. Ukiomba `logprobs` unapewa logarithimu asilia ya uwezekano huo: sifuri ni uhakika kamili, −0.69 ni nusu kwa nusu, −2.3 ni moja kati ya kumi. Jibu lile lilikuwa na vipande 24, na 23 kati yake, yaani maneno ya kawaida na sehemu nyepesi za nambari, vilikuwa karibu −0.01 kila kimoja. Kipande "433" kilikuwa −0.65, ambayo ni asilimia 52, na mshindani wake "438" alikuwa na 44. Mfumo ukajumlisha vyote, ukagawa kwa 24, ukapata −0.037. Ukiirudisha kuwa uwezekano, ndiyo hiyo asilimia 96.

SALMA: Basi roboti ilionyesha shaka yake waziwazi, ila wastani ukaizamisha. Lisitazamwe jibu zima; kitazamwe kipande dhaifu kuliko vyote ndani ya nambari yenyewe, pamoja na pengo kati yake na mshindani wake. Hati yenye 52 kwa 44 ingekwenda kwa karani mara moja.

BADI: Lakini kwa nini tuanze na uwezekano, ilhali nambari ya kontena inajikagua yenyewe? Kiwango cha ISO 6346 kinazipa herufi thamani, C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32, kisha kila nafasi inazidishwa kwa 1, 2, 4, 8, hivyo hivyo mpaka 512. Jumla inagawanywa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya mwisho, ila baki ya 10 huandikwa 0. Nambari sahihi inatoa 6185, baki 3. Iliyoandikwa na roboti inatoa 3625, baki 6, na mwisho wake ni 3. Imekataliwa papo hapo.

SALMA: Nakubali kwa kontena. Je, uzito wa shehena? Jina la mpokeaji? Hayo hayana tarakimu ya ukaguzi.

BADI: Hayo yasomwe na mtu, yote. Picha ikififia, 8 inaweza kuonekana kama 3 kabisa, na roboti ikaisoma kwa asilimia 99. Uwezekano unaeleza roboti inaelekea kuandika nini. Hauelezi kilichochapishwa kwenye karatasi. Isitoshe, ripoti ya OpenAI ya mwaka 2023 kuhusu GPT-4 ilionyesha kwamba mafunzo yaliyofuata yale ya msingi yaliharibu ulinganifu kati ya uhakika wa modeli na usahihi wake.

SALMA: Mimi sihitaji 90 iwe 90 ya kweli. Nahitaji mpangilio tu, kwamba majibu yenye shaka yakae chini ya yale yasiyo na shaka, ili karani mwenye muda wa hati 50 kati ya 500 aanze na zile 50 za chini. Mpangilio unaweza kubaki mzuri hata asilimia zenyewe zikiwa zimepotoka.

BADI: Na kosa lenye asilimia 99 litakaa kileleni mwa mpangilio wako, mahali ambapo karani hatafika.

SALMA: Ndiyo maana nachukua pia chache za juu kwa bahati nasibu, nihesabu makosa yake, kisha nipange kiwango kwa hati za ofisi ile ile.

BADI: Kuhesabu makosa baada ya mzigo kutoka hakumsaidii mwenye mzigo.

SALMA: Na kumtaka karani asome zote ni kumrudisha alikokuwa kabla ya roboti.

BADI: Kwa uzito na jina, arudi.

SALMA: Hapo sikubaliani nawe, na fundi anatuonyesha saa. Suala la kuiuliza roboti kama ina uhakika, na lile la kuiuliza swali moja mara kadhaa na kulinganisha maana ya majibu, hatukuyagusa. Wenye ofisi kama ile ya Shimanzi, kwa leo ondoeni wastani wa jibu zima.

BADI: Na wekeni hesabu ya 11 kabla ya kitu kingine chochote.